Kitanzi Kimoja Kikikatika

Julai iliyopita, baridi ya Nairobi ikiwa imekolea, nilinunua stokingi mbili nyeusi kwenye kibanda kimoja cha mjini. Pakiti moja iliandikwa 15 DEN, ya pili 40 DEN. "Chukua hii ya 40, dada, ndiyo ngumu," muuzaji alinishauri. "Hiyo nyingine ni ya harusi." Nilizibeba zote mbili. Ile ya 40 ilifumuka siku ya tatu, kutoka msambani hadi karibu na goti. Ile ya 15 niliendelea kuivaa kanisani na kazini hadi Agosti ikaisha. Nilipozigeuza ndani nje na kuzishika mbele ya dirisha, nilielewa kwa nini.

Tuanze na ile namba. Denia ni uzito wa uzi. Chukua uzi wa stokingi wenye urefu wa mita 9,000, uuweke kwenye mizani, na gramu utakazosoma ndizo denia zake. Uzi wa denia 15 una gramu 15 kwa urefu huo wote, ambao mtu angetembea karibu saa mbili kuumaliza. Kwa hiyo namba inakuambia ngozi itaonekana kiasi gani. Stokingi ya 10 hadi 20 huonyesha mguu, ya 30 hadi 40 huufunika nusunusu, na kuanzia 60 kwenda juu mguu hauonekani tena. Ni kweli kwamba uzi mnene huvumilia zaidi kusuguliwa na kiatu au kiti, vitu vingine vyote vikiwa sawa. Lakini vitu vingine havikuwa sawa kwenye pakiti zangu.

Stokingi haikusukwa kama kitenge, nyuzi zikapishana juu na chini. Imefumwa kama sweta: kila kitanzi kimepitishwa ndani ya kitanzi jirani chake, safu kwa safu, kutoka kiunoni hadi vidoleni. Kitanzi kimoja kikikatika, kilichokuwa kikikitegemea kinakosa pa kushika, kinachoponyoka na kukiachilia kinachofuata. Ndiyo maana mfumuko hukimbia mstari mmoja ulionyooka, na nyuzi za kulala zinazobaki wazi huonekana kama vidato vya ngazi. Kinachousukuma mbio ni mvuto: kila unapokunja goti au kukaa kwenye matatu, unavuta vitanzi vilivyolegea.

Hapo ndipo lebo ya malighafi inapokuwa na maana. Ile ya 15 iliandikwa poliamidi asilimia 82 na elasteni asilimia 18. Poliamidi ndiyo nailoni yetu, nyuzi inayostahimili msuguano vizuri. Elasteni, ambayo wengi huiita spandeksi, ndiyo inayorudisha nguo mahali pake baada ya kuvutwa. Ile ya 40 ilikuwa poliamidi tupu. Kwa kuwa haikuwa na cha kuirudisha, nilikuwa nikiipandisha kwa kuishika kiunoni na kuivuta, mara nne au tano kwa siku, na mvuto wote huo uliishia kwenye mshono wa msamba. Dukani, ingiza ngumi ndani ya sehemu ya paja ikiwa muuzaji anakuruhusu, itanue, kisha toa mkono. Ikirudi papo hapo, elasteni inafanya kazi. Ikibaki na umbo la ngumi yako, iache.

Mshono wenyewe ndio ulionihuzunisha zaidi. Kwenye ile ya 40, miguu miwili ilishonwa pamoja moja kwa moja, bila kipande cha msamba, kwa hiyo mishono yote ilikutana kwenye nukta moja. Kandokando ya mshono niliona vitundu vidogo kama vya pini. Hivyo ni vitanzi vilivyokatwa na sindano kiwandani. Kitambaa cha kufumwa hutakiwa kushonwa kwa sindano yenye ncha ya mviringo, inayosukuma uzi kando na kupita katikati ya vitanzi. Sindano kali au iliyochakaa huutoboa uzi wenyewe. Nguo ya namna hiyo inauzwa mfumuko ukiwa umeshaanza. Ile ya 15 ilikuwa na kipande cha pamba msambani, chenye umbo la yai, kinachotawanya mvuto, na vidole vilivyofumwa kwa uzi mzito zaidi.

Uchunguzi huo ndio ninaoufanya sasa hata kwa taiti, zile za kuvaa chini ya dera au za mazoezi. Kwa taiti, denia haitakusaidia sana, kwa sababu uzito wake hutajwa kwa gramu za kila mita ya mraba. Iliyo chini ya gramu 200 mara nyingi huonyesha ngozi unapoinama. Geuza nguo ndani nje, shika mshono wa msamba kwa mikono miwili, uvute kwa urefu wake. Ukisikia uzi ukikatika, au ukiona mwanga kati ya vipande viwili, ovaloki yake ni ya nyuzi chache au imeshonwa kwa kukazwa mno. Kwa joto la Mombasa ningechagua pamba asilimia 92 hadi 95, zilizobaki ziwe elasteni. Pamba bila elasteni hutokeza magoti kabla ya adhuhuri. Na usizifue kwa dawa ya klorini wala kuzianika karibu na jiko, maana klorini na joto kali huiua elasteni.

Sasa ukiona kitundu. Acha kuvuta, na ukiweza vua kabla hujaketi tena. Vika sehemu iliyoharibika kwenye chupa au glasi ili itanuke kidogo kama ilivyo mguuni. Ukiipaka ikiwa imelegea, dawa itapasuka mara utakapoivaa. Chukua kyuteksi isiyo na rangi. Paka mduara mwembamba kuzunguka kitundu, uguse vitanzi vizima vilivyo nje yake, na kama mfumuko umeshakimbia, paka ncha zote mbili, ya juu na ya chini, ukivuka ncha kwa kama milimita 3. Ncha moja ikisahaulika, mfumuko huendelea upande huo. Subiri dakika 10, kisha paka mara ya pili. Kukiwa hakuna kyuteksi, sabuni ya kipande iliyoloweshwa itakufikisha nyumbani, lakini haivumilii kufuliwa. Gundi ya haraka usiitumie kabisa: ikigusa pamba hutoa joto linaloweza kuunguza ngozi, na ikikauka huwa na kingo ngumu zinazokata vitanzi vingine.

Kwa stokingi nzito na taiti, kyuteksi huacha doa gumu, kwa hiyo sindano ni bora. Ukiwa upande wa ndani, tafuta kile kitanzi kilichobaki wazi kwenye ncha, kipitishie uzi mwembamba wa poliesta wenye rangi ileile, ukifunge kwenye kitambaa kizima kilicho jirani, halafu funga ncha ya pili. Usijaribu kukaza ngazi yote kwa nguvu. Mkunjo utakaotokea utavuta pembeni na kuanzisha mfumuko mwingine.

Ile ya 40 niliifunga ncha hivyo na huivaa chini ya sketi ndefu. Ile ya 15 ilipata kitundu juu ya kisigino mwezi wa Agosti, nikakipaka siku hiyohiyo. Imefuliwa kwa mkono mara nyingi tangu hapo, na kitundu bado kina ukubwa wa punje ya mchele.