Salamu ya simu dukani: nani analipia sekunde?

Rafiki yangu anauza saruji na mabati Morogoro. Juzi aliweka spika nisikie salamu ya simu ya duka. Ilianza kwa kutaja kila bidhaa aliyonayo, ikafuata "simu yako ni ya muhimu sana kwetu", na machaguo matano yalikuja mwishoni. Nilipima: sekunde 38. Simu inahesabiwa imepokelewa pale mashine inapoitika, kwa hiyo salio la mteja linakatwa huku akisikiliza sifa za mabati. Namba ya bure ingehamishia gharama hiyo kwa mwenye duka, lakini yeye hana.

Tukaandika upya: "Habari, hapa ni duka la vifaa vya ujenzi, karibu. Kuulizia bei, bonyeza moja. Kufuatilia mzigo uliolipia, bonyeza mbili. Kuongea na mtu, bonyeza sifuri." Sekunde 13. Wakipiga watu 40 kwa siku, wameokoa sekunde 1,000 kwa jumla, karibu dakika 17.

Tazama mpangilio: shida inatangulia, namba inafuata. Ukisema "bonyeza mbili kufuatilia mzigo", msikilizaji anapotambua kwamba hiyo ndiyo shida yake, namba imeshampita na inabidi arudie. "Habari" pia tuliichagua kwa makusudi. Shikamoo ingemwamkia hata kijana wa miaka 18, na "habari za asubuhi" ingechekesha saa kumi jioni.

Sasa, sauti ya nani? Mtangazaji wa kukodi hutamka vizuri, ila ukibadili saa za kufunga mwezi wa Ramadhani, unamlipa tena kwa sentensi moja. Sauti ya kompyuta hubadilishwa kwa dakika chache, lakini huweza kukosea mkazo na kusoma "S.L.P." kama neno. Sauti yako mwenyewe ni bure. Studio ya gharama kubwa siishauri: laini ya kawaida hupitisha sauti za kati ya hezi 300 na 3,400 hivi, kwa hiyo besi uliyoilipia haifiki sikioni, na muziki wa nyuma unageuka kelele.

Rafiki yangu alirekodi mwenyewe. Mara ya kwanza, dukani chini ya bati, sauti ilirudi kama ya kisimani. Mara ya pili alikaa chumbani, simu ikielekea kabati la nguo lililo wazi, na mwangwi ukaisha. Kila sentensi aliirekodi kama faili la peke yake, ili moja ikibadilika arekodi hiyo tu. Kabla ya kuiwasha salamu alimpa mama yake simu apige. Mama alisikiliza, akabonyeza sifuri, akauliza, "Mbona unaniharakisha, mwanangu?" Tukaongeza kituo kifupi baada ya kila namba, salamu ikafika sekunde 16.