Je, Wajua? Kiwanja cha Mtoni Huongezeka Bila Bikoni Kusogea

Chukua kiwanja cha mita 20 kwa 20 pale Mtoni, Temeke, kimepimwa na bikoni nne zimesimama. Ni mita za mraba 400, hilo halina ubishi. Sasa kichore kwenye kompyuta juu ya picha ya setilaiti, katika ramani ya aina ileile iliyomo kwenye simu nyingi, kisha ukokotoe eneo kwa kuzidisha urefu na upana wa mchoro. Utapata mita za mraba 408 na ushee. Kiwanja kimeongezeka, na ukikitazama kwenye skrini huoni kasoro yoyote.

Chanzo ni projeksheni, yaani kanuni inayotumika kuhamisha uso wa dunia ya mviringo kwenda kwenye karatasi bapa. Kwenye ikweta, longitudo mbili zilizopishana kwa nyuzi moja huachana kwa kilomita 111 hivi, halafu huzidi kukaribiana hadi zinakutana kwenye ncha za dunia. Mwaka 1569 Gerardus Mercator alizichora zikiwa wima na sambamba, zisikutane kabisa. Kwa kufanya hivyo alizivuta nchi upande wa mashariki na magharibi, na ili pembe zisiharibike akazivuta pia kaskazini na kusini kwa kiasi kilekile. Mabaharia walinufaika, maana chombo kinachoshika uelekeo mmoja wa dira huchorwa kwa mstari ulionyooka. Watengenezaji wa ramani za simu wameipenda kwa sababu hiyohiyo ya pembe: njia panda ya Mtoni Mtongani huonekana kama ilivyo, na ya Oslo vilevile.

Gharama yake iko kwenye ukubwa. Katika latitudo 60, ilipo Oslo, kila urefu unakuwa mara mbili na kila eneo mara nne. Ndiyo maana katika ramani ya dunia ya Mercator, Norwei huonekana kuizidi Tanzania kwa zaidi ya nusu. Ukweli ni kwamba Norwei bara ina kilomita za mraba kama 324,000, na Tanzania 945,000. Karibu Norwei tatu zingeingia humu. Agosti 2025 Umoja wa Afrika uliunga mkono kampeni ya kuiacha Mercator kwenye ramani za dunia na kutumia inayoitwa Equal Earth, iliyobuniwa mwaka 2018, ambamo kila nchi hubaki na eneo lake la haki.

Hapa ndipo watu wengi wanapotatizika. Ukiikata Tanzania kutoka kwenye ramani ya Equal Earth na kuikuza ijae ukurasa, utaona nchi imerefuka na kukonda. Huo si uchapaji mbaya. Ili kulinda maeneo, projeksheni hii huzibana nchi za karibu na ikweta kwa upana na kuzirefusha kwa kimo, kiasi kwamba kwetu kimo kinauzidi upana kwa karibu theluthi moja. Ziwa Viktoria linasimama wima kuliko kawaida na Pemba inakuwa kama kidole. Lakini kimo kilichoongezwa kinafidiwa na upana uliopunguzwa, kwa hiyo ukilinganisha Tabora na Lindi kwa eneo, jibu lako ni sahihi.

Namna ya kuupima mvutiko huo ni rahisi, na Tanzania imekaa mahali pazuri kwa kipimo hicho. Katika latitudo ya Dar es Salaam, nyuzi moja ya longitudo ina kilomita 110.5 na nyuzi moja ya latitudo 110.6. Kaskazini kabisa na kusini kabisa mwa nchi tofauti haivuki asilimia moja na nusu. Maana yake, kila kisanduku cha nyuzi moja kwa moja kwenye ramani yetu kinapaswa kuwa mraba. Weka rula. Kama visanduku ni virefu au vipana, ama ramani imekatwa kutoka projeksheni ya dunia au ya bara zima, ama mtu ameivuta picha kwa kona ili ijae nafasi kwenye taarifa yake. Hata aliyeivuta picha namna hiyo hakuharibu ulinganisho wa maeneo, kwa kuwa kila mkoa umevutwa kwa kiasi kilekile. Ameharibu umbo, pembe na umbali.

Mercator hufanya kinyume chake. Ndani ya Tanzania sura yake ni safi, ila kiasi cha kukuza hubadilika kutoka mahali hadi mahali. Turudi Mtoni, latitudo 6.87 kusini. Kukuza kwa Mercator peke yake kunaongeza eneo kwa asilimia kama 1.45. Nyongeza nyingine ya kama 0.65 inatokana na ramani za mtandaoni kuifanya dunia tufe kamili, ilhali imebonyea kidogo kwenye ncha. Upande wa mashariki-magharibi unakuwa mita 20.14, wa kaskazini-kusini 20.28, na hapo ndipo zinapotoka zile 408. Tuseme mita ya mraba inauzwa shilingi 20,000: mnunuzi angelipia zaidi ya shilingi 160,000 kwa ardhi isiyokuwepo.

Kosa linazidi kuwa baya unapolinganisha. Shamba la hekta 100 Bukoba litasomeka hekta 100.7, la hekta 100 Newala litasomeka 104.3. Mtu akigawa mavuno kwa eneo hilo, mkulima wa Newala ataonekana hajui kulima, kumbe kosa ni la ramani.

Kwenye QGIS, tazama kona ya chini kulia. Ukiona EPSG:3857, hiyo ndiyo Mercator ya mtandaoni. Ikiwa na tabaka lako liko katika EPSG:3857, fomula hizi mbili zitatoa majibu tofauti:

```
area($geometry)
$area
```

Ya kwanza huhesabu mchoro ulivyo bapa. Ya pili hufuata umbo halisi la dunia, mradi duaradufu imechaguliwa kwenye mipangilio ya mradi. Kwa kiwanja kimoja, njia nyingine ni UTM kanda ya 37 kusini, EPSG:32737, ambamo kiwanja chetu kinasomeka mita za mraba 399.7. Michoro ya zamani ya upimaji inayotumia Arc 1960 ni EPSG:21037. Ukizichanganya hizo mbili kiwanja kitahama karibu mita 300, ingawa eneo litabaki lilelile.

UTM haifai kwa nchi nzima, kwa sababu Dar es Salaam imo kanda ya 37, Dodoma ya 36 na Kigoma ya 35. Ukiilazimisha Kigoma ikae kwenye kanda ya 37, eneo lake litakua kwa asilimia mbili na nusu hivi. Kwa ramani ya taifa ya msongamano wa watu, misitu au mashamba, tengeneza projeksheni ya Albers iliyokatwa kwa kipimo cha Tanzania:

```
+proj=aea +lat_1=-3 +lat_2=-10 +lat_0=-6.5
+lon_0=35 +datum=WGS84 +units=m
```

Hii inalinda maeneo, na umbo linapotoka kwa takriban nusu ya asilimia tu. Kwa dunia nzima mtu hulazimika kuchagua kati ya umbo na ukubwa. Kwa nchi yenye ukubwa wa Tanzania, iliyo karibu na ikweta, unapata vyote viwili kwa mistari hiyo miwili.