Kufuta Magari Katika Picha Elfu Tatu

Tuseme una picha 3,000 za majengo ya kale, na karibu kila moja ina gari lililoegeshwa mbele. Kufuta kwa mkono ni kazi ya miezi. Modeli za kompyuta zinaweza kuifanya kwa zamu. Grounding DINO husoma neno "car" na kuchora kisanduku kuzunguka kila gari. Kisha SAM, iliyotolewa na Meta mwaka 2023, hufuata ukingo wa gari ndani ya kisanduku hicho na kutoa kifuniko: picha ya weusi na weupe, ambapo weupe ni sehemu ya kufutwa. Mwisho LaMa hujaza pengo kwa kukisia kutokana na kilicho kandokando.

Kasoro kubwa ni kivuli. SAM hukata gari peke yake, kivuli kikabaki barabarani bila mwenyewe. Tena LaMa, ikikiona, huweza kuchora doa jeusi pale gari lilipokuwa. Kwa hiyo panua kifuniko pikseli 15 hivi pande zote, na upande wa chini zaidi.

Huwezi kukagua picha zote. Zipange kwa ukubwa wa kifuniko, uangalie ncha mbili: zisizo na kifuniko, kwani huenda gari limepitwa, na zile ambazo kifuniko kimemeza nusu ya picha.

Hifadhi picha za asili. Ukuta uliojazwa nyuma ya gari ni wa kubuni, na haufai kuwa ushahidi wa jengo lilivyokuwa.