Mistari Sita Kabla ya Kuondoka

Jioni ya tarehe 16 Agosti 1987, ndege ya shirika la Northwest iliruka kutoka Detroit, Marekani, ikielekea Phoenix. Ilinyanyuka kidogo tu, ikayumba, bawa likagonga nguzo ya taa, kisha ikaanguka barabarani nje ya uwanja. Watu 154 waliokuwa ndani yake walikufa, na wengine wawili waliokuwa ardhini. Aliyenusurika ni mtoto mmoja wa miaka minne.

Injini zilikuwa zikifanya kazi. Wachunguzi walikuta kwamba flapu, yaani vile vibao vya kwenye mabawa vinavyoshushwa ili ndege ipae ikiwa bado na mwendo mdogo, hazikushushwa.

Hakuna rubani asiyejua kazi hiyo, na wawili hawa walikuwa wazoefu. Tatizo lilianza ndege ikiwa bado inatembea ardhini kuelekea kwenye njia ya kurukia. Mnara wa kuongozea ndege uliwabadilishia njia. Rubani msaidizi akalazimika kufungua kitabu cha vipimo ili ahakikishe uzito wao unafaa kwa njia hiyo mpya, huku akijibu redio, na katika pilikapilika hizo wakapitiliza kona waliyotakiwa kukata. Ni katika dakika hizohizo flapu zilipaswa kushushwa. Orodha ya ukaguzi ya wakati wa kutembea ardhini ilikuwapo, na flapu ziliandikwa ndani yake, lakini haikusomwa. King'ora cha kuwatahadharisha nacho hakikulia, kwa sababu hakikuwa kikipata umeme.

Hivi ndivyo kumbukumbu ya mtu mzoefu inavyomponza. Jambo ulilolifanya mara nyingi mno huacha alama zinazofanana, na ukikatizwa katikati, akili inaweza kukuletea picha ya jana ukadhani ni ya leo. Uzoefu hauliponyi tatizo hilo. Pengine hata unalizidisha. Orodha husaidia kwa kuwa inawasimamisha watu mahali palepale kila mara, mmoja anataja, mwingine anatazama kifaa chenyewe kabla ya kujibu.

Huko kutazama ndiko kwenye uzito wote. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 31 Agosti 1988, ndege ya Delta ilianguka ikiruka kutoka Dallas, na watu 14 wakafa. Safari hii orodha ilisomwa. Flapu zilitajwa, na jibu likatoka kama kawaida, kwamba zipo kwenye 15 na taa ya kijani imewaka. Uchunguzi ulionyesha kwamba flapu hazikuwa zimeshushwa. Mdomo ulijibu kwa mazoea. Macho hayakufika kwenye kipimo.

Upo pia ubaya wa orodha ndefu. Tarehe 15 Januari 2009, ndege aina ya Airbus A320 iligonga bata-bukini juu ya New York ikiwa chini ya mita 900, na injini zote mbili zikapoteza nguvu. Rubani msaidizi alianza kusoma orodha ya dharura ya kupotea kwa injini zote mbili. Ilikuwa na kurasa tatu, na waliyoitunga walikuwa wamefikiria ndege iliyo juu sana, yenye muda wa kushuka polepole. Hawa walikuwa na kama dakika tatu na nusu. Sehemu kubwa ya orodha haikufikiwa, ikiwamo hatua ya kubonyeza kitufe cha kuziba matundu kabla ya kutua majini. Rubani mkuu, kwa akili yake, aliwasha mapema injini ndogo ya umeme, hatua iliyokuwa mbali zaidi chini ya orodha. Watu wote 155 waliokoka mtoni Hudson. Kwa jinsi tumbo la ndege lilivyopasuka, kitufe kile kisingebadilisha mengi, lakini funzo kwa watunga orodha lilibaki: pima kwanza muda alionao msomaji, kisha ndipo uandike.

Mtindo huu uliingia hospitalini, na Tanzania ina nafasi yake katika habari hiyo. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, ilikuwa miongoni mwa hospitali nane duniani zilizojaribu orodha ya upasuaji ya Shirika la Afya Duniani. Ina vipengele 19 vilivyogawanywa katika vituo vitatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla ya mgonjwa kutoka chumbani. Matokeo yalichapishwa Januari 2009. Katika hospitali hizo zote kwa jumla, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Sasa tuseme kituo cha afya kinataka orodha ya kumsafirisha kwa gari la wagonjwa mama anayetoka damu baada ya kujifungua. Kamati ikikaa, kila mtu ataongeza lake, na ukurasa utajaa: kuvaa glavu, kukanda mfuko wa uzazi, kupima presha, kujaza daftari, kusaini. Kila jambo hapo ni la kweli, na ndiyo sababu kufuta ni kugumu.

Kipimo cha kufutia ni maswali mawili. Je, jambo hili likisahauliwa linaweza kumuua mama njiani? Je, ni rahisi kusahaulika katika haraka hii? Kukanda mfuko wa uzazi ni jambo kubwa, lakini muuguzi yupo analifanya kwa mikono yake muda huo. Ni la mafunzo, si la kadi. Mtungi wa oksijeni, kwa upande mwingine, unaweza kuwamo garini ukiwa mtupu na hakuna atakayejua mpaka utakapohitajika. Baada ya mchujo, kadi inaweza kubaki hivi:

KABLA YA KUFUNGA MLANGO WA GARI
Hospitali inayopokea: imepigiwa, jina la aliyepokea
Oksijeni: imefunguliwa, geji inasoma ngapi
Dripu: inatiririka, ya akiba imo
Oksitosini: saa ya dozi ya mwisho
Barua ya rufaa: mkononi mwa muuguzi
Ndugu wa kuchangia damu: yumo garini

Kichwa cha kadi kinataja wakati wa kuisoma, kwa maana orodha isiyo na saa yake husomwa baadaye au haisomwi kabisa. Mistari mitatu ya mwanzo, isipokuwa wa dripu, pamoja na ule wa oksitosini, inadai jina, namba au saa, na hiyo ni kinga dhidi ya kosa la Dallas: “tayari” hutamkika bila kutazama, lakini namba ya geji haiwezi kukisiwa kila siku. Asomaye na ajibuye wawe watu wawili. Dereva anaweza kuwa msomaji mzuri, kwa sababu mikono ya muuguzi ina kazi, na apewe ruhusa ya wazi ya kutoliondoa gari mpaka mstari wa mwisho ujibiwe.

Kadi ijaribiwe usiku, kwa taa hafifu, mtu mmoja akiwa na saa mkononi. Ikizidi dakika moja, kuna mstari wa kuondoa. Watu wakiruka mstari uleule kila mara, yafaa waulizwe kwa nini kabla ya kulaumiwa. Huenda barua hukamilika dakika tano baadaye, na hivyo mstari umewekwa mahali pasipo pake. Na simu ikilia wakiwa kwenye dripu, wakimaliza kuipokea waanze upya kutoka juu, hata kama kila mmoja ana hakika walifika wapi.