Zipu Isiyo na Meno

Iombe programu ya kuchora picha kwa akili mnemba ikutengenezee pakiti ya kahawa yenye zipu, na usishangae ikikuletea kifungashio chenye zipu ya jaketi, na meno yake ya shaba na kishikizo kinachoning'inia. Programu hizi zimefunzwa kwa picha nyingi mno zilizoandikiwa maelezo, na katika picha hizo zipu kwa kawaida ni ya nguo au begi. Zipu ya pakiti haina meno. Ni utepe wa plastiki wenye mgongo upande mmoja na mfereji upande wa pili, unaoubana kwa vidole mpaka uingie. Ukiutazama kwa mbele unaona mistari miwili myembamba ya ulalo, basi.

Wanaohitaji picha za namna hii ni wengi siku hizi. Anayesaga kahawa, anayefungasha majani ya chai au masala ya pilau anataka kuona bidhaa yake itakavyokaa kabla hajalipia mifuko iliyochapishwa, maana mchapaji hakuchapii mifuko ishirini. Au anataka picha ya kuweka mtandaoni wakati mifuko bado iko njiani. Anaandika maelekezo yake, anaongeza `realistic`, `high quality`, `8k`, na anachopata ni mto wa kulalia wenye nembo. Maneno hayo ya sifa hayaiambii programu chochote kuhusu umbo. Kinachosaidia ni kueleza jinsi mfuko ulivyoshonwa, kilichomo ndani, na mahali mwanga unapotokea.

Tuanze na umbo. Mfuko unaosimama wenyewe ulibuniwa Ufaransa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na Louis Doyen wa kampuni ya Thimonnier, na jina la `doypack` limetokana na lake. Kalitunze neno hilo, kwa sababu programu nyingi zinalielewa vizuri zaidi kuliko `bag`. Mfuko wenyewe ni karatasi mbili za plastiki zilizochomwa pembeni, na chini kimeingizwa kipande cha tatu kilichokunjwa kwa ndani. Kahawa ikimiminwa, kipande hicho kinafunguka na kuwa kitako cha mviringo. Juu, karatasi mbili zimekutana na kuchomwa, kwa hiyo hapo mfuko hauna unene wowote. Ukiutazama kwa ubavu unaona kabari iliyo nene chini na kali juu.

Hapo ndipo picha bandia nyingi zinapojiumbua. Programu inaupa mfuko unene ule ule juu na chini, au inauweka juu ya kitako cha sanduku. Angalia ukingo wa juu: ukiona una unene, picha haifai. Angalia pembeni pia, ambapo pawe na ukanda bapa wa mshono, upana wake kama wa kucha ya kidole kidogo, umenyooka toka juu hadi chini. Kisha shuka chini kwa mbele, utafute mshono uliopinda kama tumbo la mtumbwi, kwa sababu ndio unaoshika kitako. Jambo jingine, usichanganye aina. Iko mifuko yenye kitako bapa na kuta nne kama boksi, nayo ni mizuri, lakini ukiandika `flat bottom` na `doypack` katika sentensi moja utapewa kiumbe ambacho hakuna kiwanda kinachokitengeneza.

Turudi kwenye zipu. Dawa yake ni kuacha kulitaja neno lenyewe na badala yake kueleza kinachoonekana:

```
two thin parallel embossed ridges across the full width,
just below the flat top seal,
small tear notch on each side edge above the ridges
```

Nimeandika kwa Kiingereza kwa makusudi. Baadhi ya programu mpya zinapokea Kiswahili bila shida, lakini nyingi, hasa zile za jamii ya Stable Diffusion, zilisomeshwa kwa maelezo ya Kiingereza na zinapotea njia ukizungumza lugha nyingine. Utaona pia kwamba sikuandika sentimita. Kwenye mfuko halisi wa gramu 250 zipu hukaa sentimita tatu hivi chini ya ukingo, lakini programu haina rula, kwa hiyo `just below` inafanya kazi kuliko tarakimu. Zile pengo ndogo za kuchania, moja kila upande juu ya zipu, ni kitu kidogo ambacho jicho la mnunuzi limekizoea bila yeye kujua. Zikikosekana, mfuko unaonekana umechorwa.

Na usiandike `no zipper teeth` ndani ya maelezo yako. Programu nyingi hazishiki vizuri neno la kukanusha. Zinasikia meno, zinaleta meno. Stable Diffusion ina kisanduku cha pembeni cha vitu visivyotakiwa, na Midjourney ina alama yake mwishoni, `--no teeth, slider`. Maneno ya kukataza yapeleke huko.

Sasa mikunjo, ambayo ndiyo inayowashinda wengi. Ukiandika `crinkled` peke yake unapata karatasi iliyofinyangwa na kutupwa, mikunjo imetapakaa kila mahali kwa usawa. Mfuko uliojazwa haukunjiki hivyo. Kila mkunjo una kitu kilichouvuta. Chini ya zipu, sehemu ya mbele inatoka kwenye ubapa kwenda kwenye tumbo, kwa hiyo mikunjo michache huanzia ncha mbili za zipu na kushuka mshazari kuelekea katikati. Kwenye pembe za kitako, pale mshono uliopinda unapokutana na mshono wa pembeni, nailoni inalazimika kugeuka sehemu mbili kwa wakati mmoja, na hapo mikunjo huwa mifupi na mikali. Tumbo lenyewe limekazwa na uzito wa kahawa, karibu halina kitu. Na zipu ni ngumu kuliko mfuko, kwa hiyo mkunjo ukiifikia huishia hapo. Mimi nikiona mkunjo wa wima umekata zipu na kuendelea juu kana kwamba hapakuwa na kitu, sihitaji kuangalia pengine.

Aina ya mfuko nayo ina sauti yake. Mifuko mingi ya kahawa ina tabaka tatu zilizogandishwa: nje plastiki ya kuchapwa, katikati alumini, ndani plastiki laini inayoyeyuka wakati wa kuchoma. Alumini ikikunjwa haisahau, ndiyo maana mistari yake ni mikali. Karatasi ya kaki inatoa mikunjo mipana isiyong'aa. Mfuko mwangavu hauonyeshi mikunjo kama vivuli, unaionyesha kama nyuzi ndefu za mwanga. Kilichomo ndani kinabadilisha mambo vilevile. Majani ya chai ni mepesi na yamejaa hewa, kwa hiyo mfuko una mabonde mapana, ya kina kifupi. Masala ya unga hushuka na kushindilia chini, nusu ya juu ikabaki tupu na kubonyea. Kahawa iliyofungwa kwa kunyonywa hewa huwa ngumu kama tofali, na huyo ndiye pekee anayestahili mikunjo midogo mwili mzima.

Kabla sijasahau, ile vali ya duara kifuani mwa pakiti ni ya kahawa. Kahawa ikishakaangwa hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi kwa siku kadhaa, na bila tundu la kutokea mfuko utavimba. Chai na viungo havina shida hiyo. Lakini programu zimeona pakiti nyingi sana za kahawa, kwa hiyo zinabandika vali hata kwenye iliki. Iondoe.

Tufanye mfano mmoja mpaka mwisho: gramu 250 za kahawa ya kusaga ya Kilimanjaro, mfuko wa kijani kibichi usiong'aa.

```
product photo, slight three-quarter view,
doypack stand-up pouch filled with ground coffee,
matte dark green foil laminate, plain unprinted surface,
flat thin top seal, two thin parallel embossed ridges
just below it, small tear notches, flush round valve,
curved bottom gusset seam, taut lower belly,
few sharp creases from the ridge ends and bottom corners,
low side light from the left, light grey background
```

Mstari wa mwisho una kazi kubwa kuliko unavyodhani. Mkunjo huonekana kwa sababu upande mmoja umepata mwanga na wa pili umekosa. Ukiweka mwanga kwa mbele unaufuta. Ukiuleta kutoka pembeni, chini kidogo, hata mkunjo mdogo unasimama. Kwa mfuko usiong'aa mwanga utasambaa taratibu, na kwa unaong'aa utaukuta kwenye michirizi myembamba meupe.

Omba picha nne, uchague ile yenye umbo sahihi, hata kama zipu imeharibika. Zipu hurekebishika: ipake rangi ya kufunika sehemu hiyo tu, uombe ichorwe upya kwa ile mistari mitatu ya juu peke yake. Umbo likiwa baya, achana nayo.

Umbo likigoma kabisa, iko njia ambayo binafsi naiamini kuliko maneno yote. Nunua mfuko mtupu usiochapwa kwa wauza vifungashio, Kariakoo wamejaa, ujaze kahawa yenyewe, uufunge, uuweke karibu na dirisha, upige picha kwa simu. Picha hiyo mpe programu kama kianzio. Kwenye Stable Diffusion kuna kipimo cha `denoising strength` kinachotoka 0 hadi 1. Kwenye 0.3 mfuko wako unabaki karibu ulivyo, ukipita 0.7 programu inaanza kujitungia, kwa hiyo anzia 0.45 upande pole pole. Mikunjo itakuwa ya kweli kwa sababu ilitokana na uzito wa kweli.

Umeona kwamba mfuko tumeuacha bila maandishi. Programu za sasa zinaandika herufi vizuri kuliko zamani, lakini zikiachiwa lebo nzima zitabuni uzito, mistari ya msimbo isiyosomeka na mashine yoyote, hata alama ya ubora inayofanana na ya TBS, na hiyo si ya kuchezea. Lebo itengeneze kando, iweke juu ya picha kama tabaka la `Multiply` ili vivuli vya mikunjo vipenye, iwe chini ya zipu na ndani ya mishono ya pembeni, maana hata mchapaji hukuachia nafasi hizo wazi. Kisha tumia kichujio cha `Displace`, kilichomo kwenye GIMP na Photoshop, ukikipa nakala ya picha ya mfuko isiyo na rangi, iliyofifishwa kidogo. Herufi zitafuata mabonde. Kwa picha ya pikseli 2000, kuzisogeza pikseli 5 hadi 10 kunatosha. Jina la kahawa likianza kuyumba tumboni, pale tuliposema mfuko umekazwa, umezidisha.