Daftari au Jedwali: Namna Mbili za Kuhesabu Njia kwenye Gridi

Katika gridi yenye mistari 4 na safu 5, kitu kinachoanzia kona ya juu kushoto na kuruhusiwa kwenda kulia au chini tu, kisanduku kimoja kwa kila hatua, kina njia 35 tofauti za kufika kona ya chini kulia. Idadi hiyo inatokana na jambo moja dogo. Kisanduku chochote kilicho ndani ya gridi huingiwa kutoka juu yake au kutoka kushoto kwake, basi. Kwa hiyo idadi ya njia za kukifikia ni jumla ya njia za kukifikia kile cha juu na njia za kukifikia kile cha kushoto. Visanduku vya mstari wa kwanza na vya safu ya kwanza vina njia moja moja, kwa kuwa hakuna pa kupinda.

Kanuni hii ikiandikwa kama funksheni ya kompyuta inayojiita yenyewe, inachukua mistari mitatu hivi na inatoa jibu sahihi. Tatizo lake ni kusahau. Kisanduku cha katikati huulizwa na jirani yake wa kulia na pia jirani yake wa chini, na kila anapoulizwa hesabu yake huanza upya hadi ukingoni. Kwa gridi ya 4 kwa 5 funksheni hiyo huitwa mara 69, na hakuna anayeona tofauti. Kwa gridi ya 20 kwa 20, yenye visanduku 400 tu, njia ni 35,345,263,800 na miito inazidi bilioni 70. Kompyuta inayomudu miito milioni kumi kwa sekunde ingehitaji karibu saa mbili. Gridi ya 30 kwa 30 ingeichukua kompyuta hiyohiyo takriban miaka 190.

Dawa ya usahaulifu huo ni kuhifadhi kila jibu linapopatikana. Wazo la kutatua tatizo kubwa kupitia matatizo madogo yaliyokwisha kutatuliwa lilipewa sura ya kihisabati na Mmarekani Richard Bellman katika miaka ya 1950, alipokuwa shirika la RAND, naye akaliita upangaji dainamiki. Kwa mwandishi wa programu, kuhifadhi majibu kunafanyika kwa namna mbili, na hapo ndipo uchaguzi unapoanza.

Namna ya kwanza inaiacha funksheni ijiite yenyewe kama awali, ila inaipa daftari. Mwaka 1968 Donald Michie, mtafiti wa Edinburgh, alieleza mbinu hiyo katika jarida la Nature. Katika lugha ya Python inaweza kuandikwa hivi, `m` ikiwa namba ya mstari na `s` namba ya safu, zote zikihesabiwa kuanzia sifuri:

```python
daftari = {}

def njia(m, s):
    if m == 0 or s == 0:
        return 1
    if (m, s) not in daftari:
        daftari[(m, s)] = njia(m - 1, s) + njia(m, s - 1)
    return daftari[(m, s)]
```

Sasa gridi ya 20 kwa 20 inamalizwa kwa miito 723. Visanduku vya ndani, yaani visivyo vya ukingo wa juu wala wa kushoto, ni 361. Kila kimoja hukokotolewa mara moja na kutoa miito miwili, na juu yake unaongezwa mwito wa kwanza kabisa.

Namna ya pili haijiiti hata kidogo. Inatandika jedwali, inajaza namba 1 ukingoni, kisha inapita mstari kwa mstari kutoka kushoto kwenda kulia ikijumlisha cha juu na cha kushoto. Kwa gridi ya 4 kwa 5 jedwali linakuwa hili:

```
1  1   1   1   1
1  2   3   4   5
1  3   6  10  15
1  4  10  20  35
```

Mara nyingi namna hizi mbili huelezwa kana kwamba zinakwenda pande zinazopingana, moja ikishuka kutoka juu na nyingine ikipanda kutoka chini. Ukifuatilia funksheni yenye daftari hatua kwa hatua, picha hiyo inapungua nguvu. `njia(3, 4)` inaiita `njia(2, 4)`, nayo inaiita `njia(1, 4)`. Hii inajibiwa 1 na ukingo wa juu, halafu inamgeukia jirani wa kushoto, `njia(1, 3)`, naye anamgeukia wa kushoto kwake, mpaka `njia(1, 1)`. Hapo ndipo jumla ya kwanza inapofanyika: 1 na 1 ni 2. Kisha majibu yanarudi yakijaza 3, 4 na 5. Baada ya hapo `njia(2, 4)` inafuata mkondo huohuo katika mstari wake, ikichukua majibu ya mstari wa juu kutoka daftarini: 3, 6, 10, 15. Mwisho zinakuja 4, 10, 20 na 35.

Ni jumla zilezile 12, kwa mpangilio uleule mstari kwa mstari. Kinachotofautiana ni nani anayeujua mpangilio huo. Katika jedwali mwandishi ameufikiria mapema na kuuandika kama vitanzi viwili. Katika daftari kompyuta inaugundua njiani, na ili iugundue ni lazima iache miito mingi ikisubiri. Tofauti nyingine karibu zote zinatoka hapa.

Iliyo wazi zaidi ni kina. Wakati `njia(1, 1)` inapofanya jumla yake ya kwanza, miito yote iliyoizaa bado iko wazi ikingoja jibu, na kila mmoja unashika nafasi katika kumbukumbu ya kompyuta. Idadi ya miito inayongoja hukaribia jumla ya mistari na safu. Gridi ya 20 kwa 20 haina shida. Gridi ya 600 kwa 600 inahitaji karibu miito 1,200 kwa wakati mmoja, ilhali Python kwa kawaida inaruhusu 1,000 tu. Programu husimama na ujumbe `RecursionError`. Kikomo kinaweza kuinuliwa kwa `sys.setrecursionlimit`, lakini ukikiinua mno mfumo wenyewe unaweza kuishiwa nafasi na programu ikaanguka bila ujumbe wowote wa maana. Baadhi ya waandishi hukwepa kwa kuita kwanza visanduku vidogo, kisha vikubwa zaidi, ili kila mwito mpya ukute majibu yamekwisha kuandikwa. Ujanja huo unafanya kazi, ila aliyeutumia tayari ameandika jedwali bila kukiri.

Jambo la pili ni kumbukumbu, na hapa jedwali linafanya kitu ambacho daftari haliwezi. Kwa kuwa mpangilio unajulikana, inajulikana pia ni lini namba haitahitajika tena. Mstari wa tatu hautazami wa kwanza. Hivyo inatosha kubaki na mstari mmoja na kuuandika upya papo hapo:

```python
def njia_jedwali(M, S):
    mstari = [1] * S
    for m in range(1, M):
        for s in range(1, S):
            mstari[s] = mstari[s] + mstari[s - 1]
    return mstari[-1]
```

Kabla ya kuandikwa upya, `mstari[s]` bado ina namba ya kisanduku cha juu, na `mstari[s - 1]` tayari ina namba mpya ya kile cha kushoto. Kwa gridi ya 10,000 kwa 10,000, ikiwa kila namba inashika baiti 8, jedwali zima lingehitaji megabaiti 800, wakati mstari mmoja unatosheka na kilobaiti 80. Daftari halithubutu kufuta chochote, kwa sababu halijui nani atarudi kuuliza. Kila ingizo lake pia lina gharama ya mwito na ya kutafuta ufunguo, kwa hiyo hata pale kazi inapolingana, jedwali kwa kawaida hukimbia kasi zaidi.

Hata hivyo, gridi iliyo wazi ni mfano unaolipendelea jedwali. Kwa hakika hiyo haihitaji programu yoyote, maana jibu lake hutoka moja kwa moja kwenye kanuni ya michanganyo: hatua 7, kati yake 3 za kwenda chini, ni njia 35. Programu inakuwa ya lazima visanduku vingine vinapozibwa. Kizibwe kisanduku cha mstari wa pili, safu ya tatu, kipewe sifuri, na jedwali linabadilika:

```
1  1  1   1   1
1  2  0   1   2
1  3  3   4   6
1  4  7  11  17
```

Njia 18 zimepotea, nazo ni zile zilizopita hapo: njia 3 za kukifikia kisanduku hicho mara njia 6 za kutoka hapo hadi mwisho. Vizuizi vikiwa vingi, daftari linapata faida yake, kwani linagusa visanduku vinavyoulizwa tu. Katika gridi ya 1,000 kwa 1,000 iliyozibwa yote isipokuwa safu ya kwanza na mstari wa mwisho, miito haifiki 4,000, ilhali vitanzi vya jedwali vinatembelea visanduku milioni moja ili kuandika sifuri karibu kila mahali. Lakini ujia huo una visanduku 1,999 mfululizo, kwa hiyo kikomo cha kina kinarudi palepale.

Makosa ya namna hizi nayo hayafanani. Kosa la jedwali ni la mpangilio: kitanzi cha ndani kikiandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, kisanduku kinasoma jirani ambaye bado ni sifuri. Hakuna kinachovunjika. Jedwali la 4 kwa 5 linajaa vizuri, na jibu linatoka 1 badala ya 35. Kosa la daftari ni la ufunguo. Mtu akiunganisha namba mbili kuwa maandishi bila kitenganishi, mstari wa 1 safu ya 12 na mstari wa 11 safu ya 2 vyote vinaitwa `112`, wakati kimoja kina njia 13 na kingine 78. Gridi ndogo za majaribio hazitaligundua kosa hilo kamwe, kwa kuwa linahitaji namba zenye tarakimu mbili.

Kosa moja linazikumba zote: kuendelea kuandika 1 ukingoni hata baada ya vizuizi kuingia. Kisanduku cha mstari wa kwanza kikizibwa, vyote vilivyo kulia kwake katika mstari huo havifikiki tena na vinapaswa kuwa sifuri. Njia nyepesi ya kunasa makosa haya ni kuandika namna zote mbili na kuzilinganisha kwenye gridi za ukubwa usio sawa, kama 12 kwa 15, zenye vizuizi vilivyotupwa kwa bahati nasibu, vikiwemo vya ukingoni. Kosa la mpangilio haliwezi kuingia kwenye daftari, na la ufunguo haliwezi kuingia kwenye jedwali, kwa hiyo majibu yatapishana. Lile la ukingo, likiwa limenakiliwa kwenye zote mbili, litapita bila kuonekana, na kwa hilo inafaa gridi moja ndogo ihesabiwe kwa mkono.