Seva Ikirekebishwa Usiku, Njia ya Kurudi Iandikwe Mchana

Jumapili ya tarehe 17 Juni 2012, mafundi wa kompyuta wa kundi la Benki ya Royal Bank of Scotland nchini Uingereza walisasisha programu moja ambayo wateja hawakuwahi kuisikia. Kazi yake ilikuwa kupanga foleni ya shughuli za usiku: mishahara, malipo ya mikopo na salio za akaunti, kila moja kwa zamu yake. Kasoro zilipoanza kuonekana, mafundi waliamua kuiondoa programu mpya na kurudisha ya zamani. Hawakuwa wamejaribu kwanza kuona kitakachotokea wakifanya hivyo. Toleo la zamani halikupatana na kazi zilizokwisha kupita kwenye toleo jipya, na foleni nzima ikavurugika.

Wateja zaidi ya milioni 6.5 wa benki za kundi hilo, zikiwemo NatWest na Ulster Bank, waliguswa. Watu walisoma salio zisizo sahihi, na kampuni zikashindwa kulipa mishahara. Kwa wateja wa Ulster Bank tatizo lilidumu wiki kadhaa. Mwaka 2014 wasimamizi wa fedha wa Uingereza walilitoza kundi hilo faini ya jumla ya pauni milioni 56.

Kilichoumiza benki hiyo kuliko kosa la kwanza ni safari ya kurudi nyuma ambayo hakuna aliyeifanyia mazoezi. Ndiyo maana mafundi makini huanza kupanga matengenezo ya seva kutoka mwisho: kwanza wanajua watarudije, kisha wanajua itachukua muda gani, na hapo ndipo wanapochagua saa ya kuanza.

Seva ni kompyuta inayohudumia watu wengi kwa pamoja, na programu zake, kama programu zote, hugundulika kuwa na matundu. Watengenezaji huziba matundu hayo kwa kutoa viraka, yaani vipande vya programu vinavyochukua nafasi ya vile vyenye kasoro. Kuchelewa nako kuna gharama. Microsoft ilitoa kiraka cha tundu moja la Windows tarehe 14 Machi 2017, na tarehe 12 Mei mwaka huo huo kirusi cha WannaCry kikapitia tundu hilo hilo na kufunga kompyuta katika nchi nyingi, za hospitali za Uingereza zikiwemo. Waliochelewa walikuwa wamepewa chini ya miezi miwili. Kwa hiyo kuweka kiraka ni lazima, na swali linalobaki ni namna ya kukiweka bila kuangusha huduma.

Tuchukue mfano wa chama cha akiba na mikopo, SACCOS ya kubuni tu, chenye seva moja ya Ubuntu. Ndani yake kuna mfumo wa akaunti za wanachama na kanzidata ya PostgreSQL. Viraka vinavyosubiri vinagusa maktaba za usalama pamoja na kiini cha mfumo endeshi, yaani keneli, hivyo seva itahitaji kuzimwa na kuwashwa upya.

Jambo la kwanza kwenye orodha ya fundi ni muda wa matengenezo. Ofisi hufungwa jioni, lakini wanachama huweka pesa kwa simu hata usiku, kwa hiyo fundi hakisii. Anapitia kumbukumbu za mfumo za wiki kadhaa na kuona kwamba usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili, kati ya saa saba na saa kumi, miamala ni michache mno. Anahakikisha pia kwamba hesabu ya riba, ambayo mfumo huifanya wenyewe saa sita usiku, itakuwa imekwisha. Anakwepa mwisho wa mwezi, wakati makato ya mishahara yanapoingia. Kisha wanachama wanatumiwa meseji siku mbili kabla, ikitaja saa ya kufungwa na saa ya kufunguliwa.

Saa tatu zinaonekana nyingi kwa kazi ya kuweka viraka, ambayo pamoja na kuwasha upya huchukua dakika 20. Lakini tazama zinavyogawanyika. Kunakili data ni dakika 25, viraka ni 20, uhakiki ni 30. Hapo imefika saa nane na robo. Ikiwa mambo yameharibika na inabidi kurudi nyuma, mazoezi yalionyesha kwamba kurejesha kila kitu huchukua dakika 50, na kuhakiki tena 20. Jumla ya njia ya kurudi ni dakika 70. Ukihesabu kutoka saa kumi kurudi nyuma, na kuacha dakika 5 za akiba, unafika saa tisa kasorobo. Hiyo ndiyo saa ya uamuzi, nayo inaandikwa kwenye karatasi mapema. Kuanzia saa nane na robo fundi ana nusu saa ya kutafuta tiba ya kasoro aliyoiona. Ikigonga saa tisa kasorobo na mfumo haujatengemaa, anaacha kutafuta na kuanza kurudi.

Saa hiyo huandikwa mapema kwa sababu mtu aliye katikati ya tatizo usiku wa manane huamini kila mara kwamba amebakiza dakika tano tu. Afadhali uamuzi ufanywe mchana na meneja na fundi wakiwa wametulia.

Jambo la pili ni nakala rudufu, na hapa kuna kisa kinachofaa kujulikana. Tarehe 31 Januari 2017, fundi wa kampuni ya GitLab, inayohifadhi programu za watengenezaji wa nchi nyingi, alifuta saraka ya kanzidata kwenye seva isiyo yenyewe. Kampuni ilikuwa na njia kadhaa za kunakili data. Ile ya kila siku ilikuwa ikitumia programu ya `pg_dump` toleo la 9.2 kwenye kanzidata ya toleo la 9.6, ikakataa kufanya kazi kila ilipojaribu. Barua pepe za kutoa taarifa ya hitilafu hiyo zilikuwa zikikataliwa njiani, kwa hiyo hakuna aliyeziona. Kilichookoa ni nakala ambayo fundi mmoja alikuwa ameichukua kwa mkono saa sita hivi kabla, kwa ajili ya kazi nyingine kabisa. Data ya saa hizo sita haikupatikana tena.

Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa popote bado haijathibitika kuwa nakala. Kwa hiyo fundi wa SACCOS, siku chache kabla ya matengenezo, anafanya zoezi zima kwenye mashine nyingine:

```
pg_dump -Fc -f akiba.dump akiba
createdb -h seva-majaribio akiba_zoezi
pg_restore -h seva-majaribio -d akiba_zoezi akiba.dump
```

Baada ya hapo analinganisha idadi ya wanachama na jumla ya akiba katika kanzidata mbili, na kuandika zoezi lilichukua dakika ngapi. Hapo ndipo sehemu ya muda wake wa kurudi ilipotoka.

Usiku wenyewe kuna utaratibu mmoja usiopaswa kugeuzwa: mfumo wa wanachama unafungwa kwanza, ndipo nakala inachukuliwa. Mwanachama akiweka pesa baada ya `pg_dump` kuanza, muamala wake hautakuwemo kwenye nakala, na fundi akilazimika kurejesha, pesa hiyo itapotea kwenye vitabu ingawa mwanachama ana risiti. Nakala nayo inahamishwa mara moja kwenda mashine nyingine. Ikikaa kwenye diski ya seva ile ile, diski ikifa vinakwenda pamoja.

Viraka vyenyewe havina mengi, kwa kuwa fundi alikwisha kuvijaribu kwenye seva ya majaribio katikati ya wiki. Anachokizingatia ni kutochanganya kazi. Usiku wa viraka hahamii toleo kubwa jipya la PostgreSQL, kwa sababu toleo kubwa hubadilisha muundo wa data inavyokaa kwenye diski, na la zamani haliwezi kuisoma tena.

Jambo la tatu ni uhakiki, nao huanza kabla ya kiraka cha kwanza kuwekwa. Fundi anaandika hali ilivyo: keneli ipi inatumika, huduma zipi zinafanya kazi, ukurasa wa kuingia unafunguka kwa sekunde ngapi. Bila kumbukumbu hiyo, akikuta huduma imelala saa nane usiku hatajua kama imeangushwa na kiraka au ilikuwa imelala tangu juzi. Baadaye amri mbili fupi humwambia mengi:

```
uname -r
systemctl --failed
```

Ya kwanza inataja keneli inayotumika sasa. Ikitaja ile ya zamani, kiraka kipo kwenye diski lakini seva haijakitumia, na tundu liko wazi vile vile. Ya pili inaorodhesha huduma zilizoshindwa kuamka. Lakini amri hazijui kama mwanachama anaweza kuweka pesa. Kwa hiyo mhasibu, akiwa nyumbani kwake, anaingia kwenye mfumo kama kawaida, anaweka shilingi 1,000 kwenye akaunti ya majaribio, anatazama salio, na kusubiri meseji ya uthibitisho. Meseji isipokuja, uhakiki haujapita, hata kama amri zote zimetoa majibu mazuri.

Jambo la nne ni mpango wa kurudi nyuma, ulioandikwa na kuchapishwa, kwa kuwa maandishi yaliyo ndani ya seva iliyogoma hayasomeki. Una ngazi. Keneli mpya ikikataa, fundi anaiwasha seva na kuchagua ya zamani kwenye menyu ya GRUB, kazi ya dakika chache. Kifurushi kimoja kikileta shida, anasoma `/var/log/apt/history.log` kujua toleo lililokuwepo, kisha analirudisha hilo tu. Yote yakishindikana, anarejesha seva nzima na kanzidata kutoka kwenye nakala. Kila ngazi imeandikiwa dalili zake, amri zake kwa mpangilio, muda uliopimwa kwenye mazoezi, jina la mwenye kauli ya mwisho na namba yake ya simu.

Mpango huo una mwisho wake, na lazima useme hivyo. Saa kumi ikifika na mfumo ukafunguliwa, wanachama wanaanza kuweka na kutoa pesa. Kuanzia hapo kurejesha nakala ya usiku kunafuta miamala yao. Kasoro ikijitokeza Jumatatu mchana, keneli bado inaweza kurudishwa, maana haigusi vitabu vya akaunti, lakini kanzidata inatengenezwa ilipo bila kurudishwa nyuma. Ndiyo sababu mhasibu hujaribu kuweka pesa kabla ya mlango kufunguliwa.

Karatasi ya usiku huo haitupwi. Pembeni ya kila muda uliokadiriwa fundi huandika muda halisi. Ikiwa kunakili data kumechukua dakika 40 badala ya 25 kwa sababu wanachama wameongezeka, urejeshaji nao utakuwa umerefuka, na zoezi linarudiwa. Ikitokea dakika 50 zimekuwa 70, saa ya uamuzi ya matengenezo yajayo inasogezwa kutoka saa tisa kasorobo hadi saa nane na dakika 25.